Kijana Aliyesema Ameshiba

Nilisoma riwaya ile mara tatu, kalamu ya kijani mkononi. Kila sentensi iliyotaja pesa, bei au mshahara niliipigia mstari. Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kwanza kuwasilisha kitabu kwenye kundi letu la wasomaji, mkahawani Kibagabaga, na niliogopa. Wenzangu ni wanafunzi wa chuo kikuu na walimu wawili. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Mengine nimejifundisha mwenyewe. Kosa moja tu, niliwaza, na watajua.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana anatoka kijijini na kuhamia mjini kwa mjomba wake mwenye maduka. Anawekwa ghalani pamoja na wapagazi, na mmoja wao anakuwa rafiki yake. Mwishoni anamsingizia rafiki huyo wizi wa sukari, na yeye mwenyewe anapewa kiti cha karani. Nilipohesabu mistari yangu ya kijani, karibu yote ilikuwa kwenye kurasa za kijana na wapagazi. Nikaandika kwa kujiamini: kijana huyu ana tamaa, anawaza pesa tu.

Jioni ya Jumatano nilimsomea shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani hapa Nyakabanda na ndiye aliyenilea.

"Umeandika kama unamfunga jela," alisema bila kusimamisha cherehani. "Na mjomba je? Yeye hana kijani?"

Nikafungua sura za nyumbani kwa mjomba. Zilikuwa nyeupe. Nyama inaletwa mezani, gari linafika, mlinzi anafungua geti. Hakuna anayetaja bei.

"Sasa tamaa iko kwa nani? Wateja wangu wenye magari hawaniulizi bei, mwanangu. Wanasema tu, nishonee. Anayeuliza bei kabla hajakaa ni yule anayejua pesa zake hazitoshi."

Akaniomba nimsomee tena usiku wa kwanza wa kijana mjini. Amefika kwa miguu kutoka stendi. Anakaribishwa mezani, anasema, "Asante, nimeshiba." Pembeni nilikuwa nimeandika: adabu.

Cherehani kikanyamaza. "Ameshiba? Ameshibia wapi? Yewe, huyo iko na njaa! Anaogopa waone anavyokula."

Nikahisi uso unawaka, kwa sababu nilikuwa na sentensi yangu ya namna hiyo. Kila Alhamisi mhudumu wa mkahawa aliponijia, nilisema nimefunga. Waislamu wengi hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza zaidi. Sikuwa nimefunga. Kikombe kimoja pale ni zaidi ya nauli yangu ya kwenda na kurudi. Wenzangu walianza hata kunisifu kwa ucha Mungu, na mimi nikainamisha kichwa, nikapokea sifa.

Usiku ule nilichana maandishi yangu, nikaanza upya kwenye ile sentensi ya kushiba, isiyo na neno lolote la pesa.

Siku ya pili, mkahawani, niliwasomea niliyoandika upya. Nilipomaliza, mwalimu mmoja, mama mkali anayependa kubishana, alitikisa kichwa.

"Unamtetea. Alimsingizia rafiki yake. Njaa haikumtuma kusema uongo."

"Simtetei, mwalimu. Nauliza alinunuliwa kwa kitu gani. Tazameni jioni aliyopewa ukarani. Mwandishi hataji mshahara kabisa. Anasema kijana alikaa meza moja na mjomba, akaomba aongezewe mchuzi. Ni mara ya kwanza kuomba kitu katika nyumba ile. Rafiki yake siku hiyo analala mahabusu."

"Lakini unajuaje alikuwa na njaa ule usiku wa kwanza? Mwandishi hakusema."

Ningeweza kutaja mwendo wa kutoka stendi, maana ulikuwa kwenye daftari langu. Lakini mdomo ulitangulia.

"Kwa sababu mimi sijawahi kufunga Alhamisi hata moja tangu nije hapa. Sina pesa ya kahawa."

Nilitazama ukingo wa meza na kusubiri.

"Sha, ndugu yangu," alisema kijana wa Kagarama anayesomea uhandisi, "unadhani kwa nini kikombe changu kimoja kinachukua saa mbili?"

Mtu akacheka, na wengine wakafuata. Mwalimu hakucheka. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa wa mchuzi, akausoma kimya mpaka mwisho.

"Bado namlaumu," alisema. "Ila nilikuwa nimeuruka ukurasa huu."

Mhudumu alipita na kuniuliza, kama kawaida, kama nimefunga. Nikasema hapana, naomba maji ya bomba. Akaleta. Nikanywa glasi nzima mbele yao, nikaomba nyingine.