Deo Mnara na Laini Tatu za Kintinku

Jina la Deo Mnara lilitoka msibani, na aliyelitoa ni mama Luciana, jirani. Siku ya tatu ya matanga ya mama yake, katikati ya sala, Deo alipanda juu ya benchi akanyoosha mkono na simu yake juu, akatulia hivyo kama nguzo. Alikuwa anatafuta mtandao ampigie nani, hata yeye hajui mpaka leo. Mama Luciana akanong'ona, "Jamani, tumeletewa mnara." Watu wakacheka msibani. Basi, kwisha habari yake. Sasa Kintinku nzima wanamwita Mnara, hadi mwenyekiti wa kitongoji.

Kinachouma ni kwamba Deo ni wakala wa laini. Pale stendi ya Singida ana mwavuli, anasajili watu kwa alama za vidole. Laini ya wazazi wake aliichagua yeye mwenyewe: alikuja Kintinku siku moja, akapanda kichuguu nyuma ya zizi, pale wanapopandia wote, saa saba mchana. Mtandao ukajaa. Akasema hiyo hiyo.

Mama alizidiwa saa moja jioni, chumbani. Simu ya Deo haikuita.

Baada ya matanga, Deo alibaki siku tatu. Hakulia. Alinunua laini mbili za mitandao mingine, akaweka alama kwa rangi ya kucha: ile ya zamani nukta moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Akamwomba baba yake simu.

"Si una simu yako kubwa?" mzee Simeoni akauliza.

"Yangu inashika vitu ambavyo yako haishiki, baba. Nataka nijue yako."

Maana simu ya mzee ni kiswaswadu, ile ya vitufe. Deo akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mlango umefungwa. Laini moja, piga mara kumi. Toa betri, weka laini nyingine, piga mara kumi. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni, kigoda hakisogezwi hata kidogo. Upande wa pili alikuwa Kauthar, binti ambaye Deo alimwachia mwavuli kule stendi.

"Nakusikia," Kauthar anasema.

"Kata."

"Nakusikia, bosi. Umekula?"

"Kata, Kauthar."

Mama Luciana akachungulia dirishani. "We Mnara, leo umeingia ndani? Umeogopa radi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si uende kichuguuni, mwanangu? Kule inashika vizuri."

"Baba halali kichuguuni, mama."

Mama Luciana akaondoka dirishani. Akarudi na ugali na mlenda, akauacha kizingitini. Deo aliula ukiwa umepoa, hakusikia ladha.

Kwenye daftari, nukta tatu ilikuwa kichekesho: nje inapiga vizuri, ndani chini ya bati, sifuri. Nukta mbili haikuwa na sifa yoyote. Vijiti viwili tu vya mtandao, lakini kati ya simu kumi zilitoka nane asubuhi, nane mchana, nane jioni. Nukta moja ilijaza vijiti vyote, asubuhi kumi, mchana tisa. Jioni, watu wote wa kijiji wakisharudi kutoka mashambani na kila mtu anapiga kwa laini hiyo hiyo, tatu. Siku ya pili mbili. Siku ya tatu tatu. Vijiti vimejaa muda wote, simu haitoki.

Jioni hiyo ya tatu mzee Simeoni aliingia akasimama nyuma yake, akasikiliza simu ikijaribu, ikikata. Ikijaribu, ikikata.

"Hivyo hivyo," akasema. "Siku ile ilifanya hivyo hivyo. Nilipiga mara saba."

Deo akaandika tatu kwenye daftari.

"Nilidhani nabonyeza vibaya," mzee akasema. "Macho yangu haya. Nikasema, ningemwita mtu wa kunibonyezea."

"Ulibonyeza sawa, baba."

"Kweli?"

"Kweli. Mimi ndiye niliyeipima kichuguuni. Mchana."

Mzee akakaa kitandani, upande wa mama. Halafu akanyoosha kiganja. "Haya, niwekee hiyo inayopatapata."

Deo akaweka nukta mbili.

Kesho yake jioni yuko stendi, anakunja mwavuli, simu ikaita.

"Shikamoo baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna. Niko kigodani, najaribu."

"Nakusikia."

"Haya, kata."

Siku hizi mteja akija mwavulini, Deo anamuuliza kwanza unapigia ukiwa umekaa wapi, na saa ngapi. Wenzake wanamcheka, eti Mnara anahoji kama polisi. Anaandika tu.

Na nyie mnaosoma hapa, msijifanye hamna kichuguu chenu. Laini yako uliipimia wapi, na siku uliyoihitaji ulikuwa umekaa wapi? Andikeni hapo chini. Hata kama ni mstari mmoja, na hata kama jina mlilopachikwa ni baya kuliko Mnara.