Sauti ya Kufukuzia Ndege

Mafua yalipomkausha sauti Mwalimu Rebecca wa shule ya Wema, muuguzi alimwambia anywe maji ya uvuguvugu na asiseme neno siku tatu, hata kwa kunong'ona, maana kunong'ona nako huchosha koo. Akatii. Darasani aliandika ubaoni, na watoto wakipiga kelele aligonga meza.

Siku ya nne akarudi zahanati. Hata ile sauti ya kukwaruza aliyokuwa nayo mwanzoni ilikuwa imepotea.

"Mwalimu, umesema na nani?"

Akaandika kwenye daftari: "Sijasema na mtu."

Muuguzi, ambaye shamba lake la mpunga limepakana na la Rebecca, akamtazama. "Na wale ndege unaowafokea kila jioni?"

Rebecca akaandika: "Basi niazime debe la kugonga."