Gemu ya Sisimizi ya Mzee Hermani

Mimi na kaka yangu Bashiri tulipofungua kibanda cha gemu hapa Katesh, Mzee Hermani Sulle wa Masakta alikuwa mkongwe wa gemu tayari. Alijifunzia Arusha miaka ya tisini, alipokuwa dereva wa lori. Ng'ombe wake walipokufa kwa ukame, akageukia pombe ya gongo, akawa analala njiani. Gemu ndiyo ilimtoa huko. Akikaa kwetu jioni, alirudi nyumbani akiwa na akili zake, nami nilimwombea adumu hivyo.

Basi gemu zikaanza kumchosha. Alipenda moja ya vita, Bashiri akampa nyingine ya vita, kisha nyingine, kwa sababu kasha liliandikwa vita. Kaka yangu akishika jambo, haachi. Siku moja Mzee akaweka pedi ya kuchezea chini, akasema anaenda zake kilabuni kunywa. Niliogopa.

"Mzee, subiri kidogo," nikamwambia. "Ile ya kwanza, uliipendea risasi?"

"Risasi? Hapana, mwanangu. Zile kelele nazichukia."

"Sasa humo ulikuwa unafanya nini muda wote?"

Akafikiri. "Nawagawa askari. Hawa mtoni, hawa mlimani. Sijui adui atatokea wapi. Akimaliza hawa, wale wanabaki."

Nikaacha majina ya makasha, nikatafuta kitendo hicho cha kugawa. Nikakipata kwenye kompyuta, katika gemu ya sisimizi ambayo Bashiri aliiweka pamoja na za watoto. Haina bunduki. Unagawa sisimizi na chakula kwenye vichuguu kabla ya mvua, na hujui kipi kitafurika. Ukiwakusanya pamoja wanazaana haraka zaidi, lakini unahatarisha wote.

Bashiri alicheka. Mzee hakumsikia, alikuwa amezama. Wiki ile nzima alitabasamu, na mimi nikajiona bingwa.

Kisha tamaa ikamshika. Akawakusanya wote kichuguu kimoja. Mvua ikaja, kikafurika.

Mzee akanionyesha kioo kwa kidole. "Kwetu," akasema taratibu, "mtu haweki ng'ombe wote zizini kwake. Unawagawia ndugu na marafiki wa mbali, balaa lisimalize wote. Baba alinifundisha. Wakwe wa mwanangu Emanuel walipotaka kuja, nikawarudisha ng'ombe wote nyumbani, wauone utajiri wangu. Ukame ukawakuta hapo. Hakubaki hata ndama."

Nikasema la kipumbavu. "Bonyeza hapa, Mzee. Unaanza upya, wote wanarudi."

"Wanarudi?"

"Wote."

Akabonyeza. Sisimizi wakajaa tena kwenye kioo, wazima, wakikimbia huku na huku. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya vijana waliokuwa wakicheza gemu ya mpira. Akavaa koti, akatoka, akashika njia ya kilabuni.

"Ungemwachia ya vita," Bashiri akasema.

Nikaizima kompyuta, sisimizi wangali wanakimbia.