Nafasi Chini ya Tarehe ya Mwisho

Barua ya kulalamikia maji niliichapa saa ya chakula, kwenye bohari ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, nilikokuwa karani, kwa Kifaransa kilichovaa tai. Ilianza kwa kusema nina heshima kubwa ya kumwandikia Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya maji. Yaani yeye ametunyima maji tangu Machi, halafu mwenye heshima kubwa ni mimi. Nikikumbuka, bado nakasirika.

Kazi ngumu ilikuwa tarehe. Dirishani kwa kampuni walitaka tueleze kila kitu kwa tarehe zake, na kwetu mtaani Buyenzi, miaka ile ya vita, kalenda ilikuwa pambo la ukutani. Mama alisema bomba lilipasuka kesho yake baada ya risasi kulia upande wa Kamenge. Jirani yetu, mzee fundi cherehani, akakataa.

"Apana, mama. Siku ile watu walikuwa bado wanakuja kuchukua nguo za Idi kwangu, na maji imejaa mu njia."

Kwa hiyo tukahesabu kutoka Idi. Tarehe 5 Machi, bomba lapasuka kichochoroni. Tarehe 9, mafundi wa kampuni waja, wafunga vali ya mtaa mzima, waahidi kurudi na kola ya kubana bomba. Tarehe 3 Aprili, twaambiwa kola hakuna. Tarehe 22 Mei, twaambiwa hata kola ingekuwepo, Buyenzi hapana usalama. Bili, hata hivyo, ilifika Buyenzi salama salmini.

Mzee fundi akashika orodha ya watu wa kupelekewa nakala. Akataka ipelekwe kwa gavana, waziri, waziri mwingine, na Rais wa Jamhuri. Nilipomaliza, wasomaji wa barua walikuwa wengi kuliko mistari yake.

Mdogo wangu wa kike hakuwa na muda wa mambo hayo. Kila asubuhi alishuka na wenzake mtoni Ntahangwa na bidoni zao, madumu ya kuchotea maji. Wiki moja kabla ya barua alirudi na bidoni iliyotobolewa na risasi, akasema sasa ina mabomba mawili. Tulicheka, isipokuwa mama.

Jioni, kabla ya siku ya kuichapa barua, mama ndiye aliyesema, "Chini ya tarehe ya mwisho, acha nafasi."

"Ya nini, mama?"

"We acha tu."

Nikaacha. Nikaichapa, na asubuhi iliyofuata tukaenda naye kwenye ofisi za kampuni na nakala mbili: moja yao, moja yetu ya kugongwa muhuri. Karani wa malalamiko alisoma polepole, akafungua rejista yake ya mafaili, uso ukamchangamka.

"Hii dosye imefungwa. Tarehe 9 Machi: uvujaji umesimamishwa."

"Umesimama kwa sababu mulifunga maji yote," nikasema.

"Sawa. Na leo, bomba inavuja?"

"Apana."

"Basi."

Akanieleza kwa upole kwamba kukosa maji ni tatizo lingine, lina dosye yake na barua yake. Nilimtazama nikaona hanitanii. Aliamini kabisa, na hilo ndilo lililonichoma.

Kisha akaona pengo. "Na hapa mulisahau tarehe?"

"Atukusahau," mama akasema. "Hapo ni ya binti yangu. Kila siku anachota maji Ntahangwa, na kule wanapiga risasi. Siku watamuleta, mi nitakuja, na we utanijazia tarehe. Mi sijui kuandika."

Karani alishusha kalamu. Akauliza binti ana miaka mingapi. Mama akasema kumi na sita. Karani akagonga muhuri nakala zote mbili, akatoka nje kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Kesho yake mafundi walikuja. Kola bado haikuwepo. Walilizungushia bomba vipande vya mpira wa tairi kutoka gereji ya jirani, wakakaza kwa waya, wakaingiza ufunguo mrefu shimoni na kufungua vali. Bomba letu likakohoa hewa, likatema tope, ndipo maji yakaja. Mdogo wangu alinawa uso mara tatu, akicheka peke yake.

Baada ya wiki kadhaa jibu la kampuni likafika. Bwana Mkurugenzi alikuwa na heshima ya kutukumbusha kuwa tatizo letu lilikwisha tarehe 9 Machi. Nakala ilikwenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya mzee fundi, na mzee akafurahi kama kapata nishani.

Nilimsomea mama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile bidoni. Halafu akaomba ile nakala yetu yenye muhuri. Akaishika karibu na macho, akapitisha kidole chini ya mistari.

"Nafasi ni hapa?"

"Ni hapo, mama." Nikafungua kalamu, nikidhani anataka nimjazie.

Akachukua kalamu mkononi mwangu na kuifunika kifuniko chake.