Sauti ya Kukaanga kwenye Ukuta wa Kinu

Waya ya umeme iliyolowa ina sauti mbili, na mtu asipojua kuzitenganisha atahangaika bure. Ya kwanza hupasuka: tap, tap-tap, kama vijiti vikavu motoni. Hiyo ni klempu, kibano cha waya, iliyolegea, pale waya ya mteja inapoungana na waya kubwa juu ya nguzo. Hupasuka zaidi mteja anapotumia umeme mwingi, na akizima mashine yake, hunyamaza. Sauti ya pili hukaanga. Ni nyembamba, haina mapumziko, kama maji kidogo yaliyodondokea mafuta ya moto. Hiyo hutoka kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya, vikiwa vichafu. Uchafu mkavu hausemi kitu. Uchafu ukipata ukungu au manyunyu, umeme huanza kutambaa juu yake, na hautajali kama mashine inazunguka au imelala. Mvua kubwa ikija huosha vikombe na sauti hupotea, halafu watu husema imepona.

Haya nilifundishwa Eldoret na mzee mmoja, fundi wa nyaya, wakati umeme ulikuwa wa maduka, viwanda na nyumba za Wazungu, na sisi tuliouhudumia tulirudi jioni kwenye taa za mafuta. Shule nilikuwa nimeiacha mapema kwa sababu ya miguu isiyotulia. Nilikuwa nimechuma chai, nimevunja mawe ya reli, nimekamua ng'ombe wa Mzungu mmoja upande wa Plateau. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoijua, halafu nikaondoka. Kwa Mzee nilikaa kuliko kwingine kote. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi, kupandisha vifaa kwa kamba, na kujibu maswali.

Maswali hayo nilikuwa nikiyasubiri kama mtoto anavyosubiri mwisho wa mwezi wa baba yake. Tukifika chini ya nguzo, Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho, akasema, "Haya kijana. Unasikia nini?"

Nami nilijibu: inapasuka, au inakaanga, au vyote viwili. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, "Mm," kama mwalimu anayejua jibu tangu jana, kisha anafunga mkanda wa kupandia na kupanda. Nilijiona mwanafunzi hodari.

Mwaka huo, mvua za Julai zilipoingia, tuliitwa kwenye kinu cha posho karibu na stesheni. Mwenyewe alikuwa Mhindi mpole aliyekuwa na unga hadi kwenye nyusi. Alisema waya yake inalia kila asubuhi na taa zinapepesa. Tulisimama chini ya nguzo upande wa pili wa barabara, mota ikiunguruma ndani ya kinu, na juu yetu ikapasuka vizuri kabisa, tap, tap. "Inapasuka, Mzee." Akapanda, akaikuta klempu imelegea na shaba imekuwa nyeusi, akaisugua ikang'aa, akakaza. Taa zikatulia. Tukaenda kunywa chai.

Hatukufika ukutani, mahali waya zinapoingilia kinu. Mashine ya kusaga ilikuwa ikipiga kelele, na hakuna ambaye angesikia kitu pale.

Mhindi akalalamika tena ofisini. Siku tuliyorudi ilikuwa ya mvua kubwa, inayopiga mabati mpaka unamfokea mtu aliye kando yako. Wanawake walikuwa wamejibanza chini ya paa na madebe yao ya mahindi. Mmoja, mama mnene aliyefunga kitambaa chekundu, alituonyesha kiganja chake.

"Nyinyi watu wa stima, ukuta wa huyu unauma. Nimeuegemea asubuhi, umenichoma kama siafu."

"Mama, labda siafu wamefuata mahindi yako," nikasema.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Cheka tu. Siku utakayoumwa wewe, mimi nitaleta ngoma."

Mzee aliniuliza kama kawaida: "Unasikia nini?" Macho yangu yalikuwa mlangoni. Fundi wa kinu alikuwa amefungua kifuniko cha mota ya akiba na nilitamani kuona kilichomo. Nikajibu nikiwa nilipo, bila kusogea ukutani. "Hakuna kitu, Mzee. Imenyamaza." Mzee akapanda nguzo hivyo hivyo ndani ya mvua, akakaza klempu ambayo haikuwa imelegea, akashuka akiwa amelowa hadi mfupani. Mimi nilikuwa nimeona mota.

Lalamiko la tatu lilimfikia Bwana mwenyewe, Mzungu aliyesimamia kazi zetu. Alimwita Mzee mbele yetu sote pale stoo. Hakupaza sauti. Alisema Mhindi ameitisha fundi mara mbili kwa kelele moja, na kwamba fundi asiyeweza kuipata kelele moja hafai kupanda nguzo. Kesho angekuja mwenyewe kinuni, na kama ingekuwa bado inalia, Mzee angerudisha mkanda na kwenda kwao. Mzee alikuwa na watoto shuleni kule Magharibi, na miaka yake yote mizuri ilikuwa imekwisha juu ya nguzo za mji huu. Alijibu, "Ndiyo, Bwana," akakunja kofia yake mara mbili.

Tulienda mapema kabla ya Bwana. Ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu membamba, yale yasiyosikika hata kwenye bati. Kinu kilikuwa hakijawashwa. Nilipokaribia ukuta, nilisikia toka hatua kadhaa: shhhh-tss, shhhh, inakaanga bila kupumzika. Hata mtu aliyekuwa akipita na baiskeli aligeuza shingo.

Mzee aliinamisha kichwa. Akafumba macho.

"Haya kijana. Unasikia nini?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Sauti ilikuwa juu ya vichwa vyetu, wazi kama mtu anayeita. Uso wake ulikuwa umetulia, unangoja.

"Mzee, wewe unasikia nini?"

Alifumbua macho. Akaitazama mikono yake. "Ile ya kupasuka naisikia," akasema. "Hii nyingine, ya kukaanga, iliniacha. Iliondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga usiku. Sasa niambie, ipo?"

"Ipo, Mzee. Ipo sana."

"Na siku ile ya mvua?"

"Sikusogea ukutani. Nilikuwa naangalia mota."

"Mm," akasema. Ni ile ile "mm" ya siku zote. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akinipima hata siku moja. Alikuwa akiniuliza kwa sababu hakuwa anajua. Nilikuwa nimemjibu kama mtoto anayetaka alama, naye alikuwa akipanda juu ya majibu hayo kama unavyopanda ngazi.

Hakukaa kulizungumza. Alichomoa fyuzi pale kwenye nguzo, akazitia mfukoni mwake ili asitokee mwerevu wa kuzirudisha, akapima waya zote kwa taa ya majaribio mpaka akaridhika kwamba zimekufa. Tukaegemeza ngazi ukutani. Safari hii aliniambia nipande naye, ngazi ya pili.

Vikombe vya kauri havikuwa vyeupe tena. Unga uliopulizwa na kinu ulikuwa umechanganyika na moshi wa magari ya reli, ukagandamana kama uji uliokaukia sufuriani, na juu umelowa. Nyuma yao kulikuwa na ubao unaobeba kila kitu, na juu ya ubao huo niliona kitu ambacho sijakisahau: mstari mweusi, umetoka chini ya kikombe, ukagawanyika na kugawanyika tena kama mizizi, mpaka kwenye boliti iliyoshika mabati ya ukuta.

"Hiyo ni njia," Mzee akasema. "Umeme umepita hapo kidogo kidogo mpaka ukachoma mbao, na mkaa unabeba umeme. Unaweza kufuta kikombe kikawa kama cha harusi. Njia haifutiki. Mvua ijayo utaipita tena."

Nikafuata mstari kwa kidole hadi kwenye boliti, na kutoka boliti hadi kwenye bati, na nikajua siafu wa yule mama walikuwa wametoka wapi.

Tulibadilisha ubao mzima, tukaweka vikombe vipya, tukasafisha na kukausha kila kilichobaki. Mzee akakagua waya zilizoingia ndani, na klempu zote. Alizokaza yeye zilikuwa imara. Alizirudisha fyuzi Bwana alipokuwa anashuka kwenye gari lake. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Bwana alisimama chini ya ukuta na mwavuli, akasikiliza, akazunguka, akasikiliza tena. Kimya. Kinu kilipowashwa akaenda kusimama chini ya nguzo. Kimya.

"Ilikuwa nini?"

"Vikombe, Bwana. Na ubao ulikuwa umeungua."

"Kwa nini hukuvisikia mara ya kwanza?"

Nikamtangulia Mzee kujibu, "Kinu kilikuwa kinasaga, Bwana. Hakuna mtu angesikia." Hilo lilikuwa kweli kwa siku ya kwanza. Bwana alikubali kwa kichwa, akaondoka. Mama wa kitambaa chekundu aliuweka mkono wake kwenye bati, kwanza kwa ncha za vidole, kisha kiganja kizima. 

Jambo ambalo sikuwa nimemwambia Mzee ni kwamba nilikuwa nimeshapata nafasi kwenye lori la kwenda Jinja. Kule walikuwa wanajenga bwawa la kuzalisha umeme, na mimi nilitaka kuona unakotoka. Nilimwambia jioni, tukirudisha ngazi.

"Nenda," akasema. "Waya za Jinja nasikia ni nene. Zitalia hata kiziwi asikie."

"Naweza kungoja mvua ziishe, Mzee."

"Hapa mvua haziishi, zinapumzika."

Alicheka, nami nikacheka, na nilichukua kicheko chake kama ruhusa. Siku zilizobaki nilimfundisha kijana aliyepewa nafasi yangu. Nilimwambia azime mashine ya mteja asikilize, aiwashe asikilize, na asogee ukutani kila mara, hata kama ananyeshewa. Sikumwambia kwa nini. Siri haikuwa yangu. Aliitikia vizuri, huku akiuliza mshahara unatoka lini.

Lori liliondoka asubuhi ya ukungu. Nilikaa juu ya magunia, nimejifunika turubai. Tulipopita karibu na stesheni niliwaona chini ya nguzo, si ya kinu, nyingine ya mbele yake. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande. Midomo yake ilisogea. Kijana aligeuka kuangalia lori letu, akapunga mkono, kisha akamgeukia Mzee na kujibu neno moja, upesi sana.

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akaanza kufunga mkanda.

Ningeweza kugonga paa la dereva asimame. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka nje ya turubai. Manyunyu yalikuwa baridi, na niliurudisha ndani.