Miguu ya Kahiga na ya Safaa

Zahanati ya mifupa iliyokuwa Thika, nyuma ya stendi, haikuwa na daktari wa kupasua. Ilikuwa na Daktari Kagwe, ambaye alijua kufunga plasta na kutia moyo, na ilikuwa na Ruqayya, karani wake. Mpasuaji mwenyewe alikuwa Scotland. Alikuja mara mbili kwa mwaka, na kabla ya kuja alitaka kutumiwa picha za eksirei ili achague ni watoto gani wa kulazwa.

Hadi mwaka wa tisini na nane picha hizo zilipelekwa kwa posta. Mwaka uliofuata wafadhili wakaleta kompyuta, modemu na kamera ndogo ya kutumia disketi, na kazi yote ikamwangukia Ruqayya. Alikuwa akitoka Mwihoko alfajiri, na akifika ofisini tayari mgongo unalalamika. Hakuna aliyemfunza zaidi ya asubuhi moja. Alijifunza kwa kubahatisha: kubandika filamu kwenye kioo chenye taa, kuipiga picha, kuiingiza kompyutani, kisha kuitia ndani ya imeili na kungoja laini ya simu, ambayo ilikatika ilipojisikia.

Mwezi huo walikuwa watoto wawili wa matege, wote wa miaka minne. Kahiga alikuwa mwana wa Waithira, mchuuzi wa ndizi wa Ruiru. Safaa alikuwa binti wa fundi wa cherehani wa Thika.

Ruqayya alipoiingiza picha ya kwanza ilijaza skrini ikapita, akaona mfupa mmoja tu. Akaishika kona kwa mausi, akaivuta hadi ikatoshea vizuri, ndogo kama stempu. Ya pili vilevile. Akatuma.

Jibu la mpasuaji lilikuwa fupi. Picha ni ndogo mno, haoni mfupa wala herufi za jina pembeni mwa filamu. Atume kubwa.

“Ruqayya, si umwongezee tu?” alisema Daktari Kagwe, akivua miwani na kujisugua macho. Alikuwa ameamka na wagonjwa arobaini mlangoni.

“Naongeza, Daktari.”

Akaongeza. Mara hii alizivuta zikafika karibu nusu ya upana wa skrini. Lakini sasa maelezo yalikuwa yamekwama chini ya kila picha, maneno huku, mguu kule, akaona haipendezi. Akatafuta kwenye menyu, akapata mahali pa kuamuru picha ikae kushoto na maneno yapite kando yake. Ikapendeza mno. Picha ya Kahiga, na maelezo ya Kahiga ubavuni. Chini yake, picha ya Safaa na maelezo yake. Akatuma, akaenda kunywa chai iliyokuwa imeshapoa.

Siku chache baadaye jibu likaja. Kahiga alazwe, mifupa ya miundi ikatwe na kunyooshwa, kwa sababu pembe ni kali sana, nyuzi thelathini. Safaa angojewe, atanyooka mwenyewe akikua.

Daktari Kagwe alimwita Waithira. Mama huyo alikuja na mwanawe mgongoni, akatandaza leso kwenye benchi la ofisi ya Ruqayya, akasikiliza yote bila kupepesa macho.

“Wamkate miguu miwili?”

“Si kukata kutoa, Mama Kahiga. Kukata kunyoosha.”

“Lakini daktari, si wewe uliniambia miguu itanyooka yenyewe akikua? Mwaka jana ulisema.”

“Nilisema. Huyu anajua kuliko mimi.”

Waithira alimshusha Kahiga, na mtoto akatoka mbio kwenye ujia, kisigino kikigonga saruji. Mama akafunika uso kwa ncha ya leso. Ruqayya alijifanya anatafuta faili. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza hata kuona haya.

Mama alipoondoka kutafuta nauli ya kwenda kumwambia mumewe, Daktari Kagwe alitoa filamu ya Kahiga ili aanze kuandika barua ya kulazwa. Akaibandika kwenye taa, akaweka rula ya pembe. Akairudia. Akaita.

“Ruqayya. Anasema nyuzi thelathini. Hapa mimi sipati hata kumi.”

Akachukua filamu ya Safaa. Ilikuwa thelathini na kidogo.

Wote wawili walifungua imeili iliyotumwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake: Kahiga na Kahiga, Safaa na Safaa.

“Mimi sikukosea,” alisema Ruqayya, ingawa hakuwa na hakika.

Wakampigia Erastus, aliyefundisha kompyuta katika chuo kidogo karibu na soko. Alikuja mchana, akatazama, akauliza, “Huyo mzungu ana skrini ya ukubwa gani?”

Hakuna aliyejua. Erastus akabadilisha mpangilio wa skrini ya Ruqayya ili mambo yote yawe madogo na nafasi iwe pana, kisha akafungua imeili tena, akaitanua. Mbele ya macho yao picha ya Safaa ikaruka juu. Ilikuta nafasi kando ya picha ya Kahiga, ikajibana hapo, chini tu ya jina la Kahiga, na jina la Safaa likaangukia chini ya picha ya Kahiga.

“Ngai!” alisema Daktari Kagwe.

“Kwako skrini ni nyembamba, haikupata pa kukaa, ikashuka,” Erastus alisema. “Kwake kuna nafasi, ikapanda. Ukiiambia picha ielee kushoto, haina nyumba. Inaenda popote penye nafasi.” Kisha akauliza haraka, “Ulizivuta kwa kona ama kwa ubavu?”

“Kona.”

“Afadhali. Ungevuta ubavu, mguu ungenenepa na pembe ingebadilika. Hapo hata rula haingesaidia.”

Ruqayya aliketi.

Hawakuandika barua ya kulazwa. Daktari alimtuma mtu stendini amrudishe Waithira kabla hajapanda gari, na huku Ruqayya akaanza upya, Erastus akimwelekeza. Hakuivuta picha yoyote ndani ya imeili. Alizifungua kwanza katika programu ya kuchorea, akakata kingo zisizo na kazi, akabakiza miguu na zile herufi, akazipunguza humo kwa kipimo kimoja upana na urefu. Akaandika jina la mtoto juu ya picha yenyewe, ndani ya weusi. Ndipo akaziingiza, bila kuziamuru kushoto wala kulia: jina mstari wake, picha mstari wake chini ya jina, kisha maelezo. Wakaitazama imeili kwa skrini pana na kwa skrini nyembamba. Haikusogea.

“Haipendezi kama ile,” alisema Ruqayya.

“Haipendezi,” Daktari alikubali.

Laini ilikatika mara mbili kabla haijaenda.

Waithira alirudi, akasimama mlangoni bila kukaa. Daktari akamweleza, na hakuficha kosa lilipotoka. Ruqayya akasimama.

“Ni mimi niliyetuma, mama. Nisamehe.”

“Nilikuwa nimeshaanza kumuaga mwanangu,” Waithira akasema, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka.

Mpasuaji alijibu wiki iliyofuata: Safaa alazwe, Kahiga angojewe. Aliomba radhi pia, kwa kutouliza alipoona majina kwenye filamu bado hayasomeki. Tausi, mama yake Safaa, alipoambiwa alilia kama alivyolia mwenzake, na safari hii hapakuwa na kosa la kurekebisha. Ruqayya alimletea maji, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipomaliza. Mezani kulikuwa na filamu nyingine sita za kutuma.