Mashine ya Dobi Ilipotulia

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nataka kujipamba. Kwa miezi mitano niliishi chini ya mashine ya kufulia ya Dobi, jirani yangu wa ghorofa ya juu, na kila Jumamosi saa nne asubuhi mashine ile ilinitoa roho. Ilianza na mngurumo wa kawaida, nguo zikizungushwa kwenye maji. Ilipofika kukamua ndipo balaa lilipoanza: ilipiga sakafu yake, yaani dari yangu, mpaka pini zikahama kwenye kisahani na taa ikayumba. Siku moja nilishtuka nikakata mkono wa gauni ambalo lilikuwa linasubiri vifungo tu.

Siku hiyo nilipanda ngazi na hasira zangu zote. Dobi alifungua mlango nusu, akasema pole jirani, akafunga. Basi. Nikashuka moja kwa moja kwa msimamizi wa jengo, na huko nilisema vya kusemwa na visivyosemwa. Msimamizi, ambaye hapendi makelele ila ya kwake, aliamua kwamba mashine ikipiga tena Jumamosi ijayo, Jumatatu itashushwa na kutolewa kwenye jengo. Nilirudi kwenye cherehani yangu nimeridhika kabisa. Nilishona vifungo huku naimba.

Dobi si jina lake, lakini hakuna anayemwita vingine. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye utani wa chinichini. Alipostaafu alisema ameshakunja shuka za kutosha kufunika barabara yote mpaka sokoni. Kazi ile ilimwachia mikono mibovu. Vifundo vimevimba, viganja havifungi, hata kifuniko cha chupa anamwomba mtu amfungulie. Mtoto wake wa pekee, binti, alipoanza kupata mshahara, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa mashine ile. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzima. Binti alisimama ngazini akiwapisha wabebaji na kutangazia jengo zima, "Leo Dobi naye amepata dobi." Sote tulicheka.

Binti huyo alifariki miezi sita kabla ya ugomvi wangu na msimamizi. Aliugua mwaka mzima, akilazwa na kutoka, kulazwa na kutoka. Nilikwenda msibani, nikalia na wenzangu, nikamshika Dobi mkono. Kisha nikarudi kwenye nguo za watu. Kwamba mashine ilianza kupiga baada ya msiba, hilo sikulihesabu. Nilikuwa na shughuli zangu.

Alhamisi ya wiki ile Dobi alileta fundi, kijana mpole mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Nami nikapanda, eti nikashuhudie. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia kwa masikio yangu kuwa mashine imekufa.

Fundi hakuifungua hata skrubu moja. Alisimama mbele yake, akabonyeza kona ya mbele ya kushoto na ya nyuma ya kulia kwa zamu, nayo ikacheza kama meza mbovu ya mgahawani. Akapiga magoti na tochi. Kumbe nyuma, chini ya mguu mmoja, palikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa, kimelowa na kusagika. Na mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umelegea, nati yake imeshuka chini kabisa. Alieleza kwamba mguu wa mashine ni skrubu: ukiuzungusha unarefuka au unafupika, na nati ndiyo inayoubana usijizungushe wenyewe. Nati ikilegea, kila mtikisiko unaulegeza mguu zaidi, na mguu ukilegea mtikisiko unazidi.

Alitoa boksi, akapangusa vigae, akarudisha miguu yote ifupike iwezekanavyo, kwa sababu mguu mrefu hauna nguvu. Kisha akaweka pimamaji juu ya mashine, kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka mbele kwenda nyuma. Akazungusha mguu huu kidogo, ule kidogo, mpaka kiputo cha pimamaji kikakaa katikati pande zote. Akabana nati kwa spana, zikakazwa juu dhidi ya mwili wa mashine. Akabonyeza tena kona zote nne. Haikucheza. Akaiwasha ikamue tupu, na akaweka juu yake glasi ya maji. Maji yalitetemeka tu.

Dobi aliangalia glasi ile kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ilikuwa miguu," alisema. Nilisikia namna alivyolisema, kama mgonjwa aliyeambiwa ni malaria tu. Fundi akasema ndiyo, mama, ila angependa kuja Jumamosi aione ikikamua nguo zenyewe, maana tupu si kipimo. Dobi alijibu haraka kwamba hakuna haja. Kijana akasema atakuja, ni bure.

Jumamosi nilikuwepo tena. Msimamizi naye alisimama kwenye korido, mikono nyuma, kama hakimu. Mashine ilikuwa imeshaanza na mlango wake wa kioo ulijaa povu. Tulikaa tukiisikiliza ikifua, ikisuuza, ikimwaga maji. Kisha ikaanza kukamua. Mara ya kwanza ilijaribu ikasita. Mara ya pili ikashika kasi, na pale pale ikaanza kupiga. Du, du, du, mwili mzima ukirukaruka juu ya miguu iliyonyooka kama rula. Fundi aliruka akaizima.

Msimamizi alisema, "Jumatatu," akageuka. Mimi nilijua nilipaswa kufurahi.

Fundi alisubiri mlango ufunguke, akachungulia ndani. Mlikuwa na kitu kimoja tu. Blanketi zito la buluu, limelowa, limejikusanya upande mmoja wa pipa la ndani linalozunguka, kama mtu aliyejikunyata kitandani. Upande wa pili mtupu. Kijana alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha bibi yake simu, kwamba kitu kimoja kizito kikinyonya maji kinakaa upande mmoja, na pipa likizunguka kwa kasi uzito ule unaivuta mashine huku na huku. Miguu haiwezi kuzuia hilo. Dawa yake ni kuweka nguo nyingine zinazonyonya maji, taulo kwa mfano, na kuzitandaza kuzunguka pipa ili uzito ugawanyike.

"Najua," alisema Dobi.

Kijana alimgeukia.

"Nimewafundisha watu hilo miaka thelathini na moja. Blanketi haliendi peke yake. Msichana mpya akikosea, nilimsikia kutoka korido ya pili."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoponyoka. Nikamuuliza, sasa mama, kama unajua, mbona unatuua? Na lau ningekuwa na uwezo wa kulirudisha neno mdomoni na kulimeza, ningelimeza pale pale.

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni na akatueleza, macho yake kwenye blanketi. Lilikuwa la binti. Wodini kila kitu hufuliwa pamoja, shuka ya huyu na ya yule, na hakuna anayerudishiwa yake. Binti alilijua hilo tangu utotoni, maana alikuwa akimfuata mama yake kazini, na alipolazwa yeye mwenyewe lilimtesa kuliko sindano. Akaletewa blanketi lake la nyumbani. Siku za mwisho alikuwa analichafua bila kujua, na akijua alilia kwa aibu. Dobi alikuwa akilibeba kila Jumamosi, analifua pamoja na nguo zake nyingine, analirudisha jioni. Binti alimwomba jambo moja.

"Aliniambia, mama, usilichanganye na vya watu. Nikamwambia silichanganyi." Aliangalia mikono yake. "Kulikamua kwa hii siwezi. Kwa hiyo nikasema labda ni miguu. Nilitaka iwe miguu."

Msimamizi alikuwa bado mlangoni. Alikuwa ameshusha mikono yake. Fundi akajifanya anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ni yeye, yule kijana, aliyeuliza. Aliuliza kwa nia njema, Mungu amsamehe, na mimi pia anisamehe kwa sababu nilikuwa nimefikiria hivyo hivyo. "Mama, na nguo zake mwenyewe? Hizo si za watu."

Dobi aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko. Alipotoka alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Hakuweza kulifungua kwa vidole vile, akaninyooshea mimi. Nikalifungua. Mlikuwa na taulo mbili, suruali ya jinzi, na sweta la njano. Harufu ilitoka hata kabla sijagusa kitu: mafuta ya nywele, jasho kidogo, na kitu kingine kisicho na jina, cha mtu. Nilimkumbuka akiwa ngazini akitangaza habari za dobi. Niligeuza uso.

Nilielewa basi kwa nini nguo zile hazikuwahi kufuliwa kwa miezi sita, na mwanamke huyu ndiye mfuaji hodari kuliko wote ninaowafahamu.

Nilimwambia asifanye. Nilimwambia nitalikamua mimi, kila Jumamosi, mikono yangu ni mizima; nilimwambia nitazoea makelele; msimamizi naye akasema haraka kwamba mambo ya Jumatatu tuyaache. Dobi alitusikiliza wote kwa heshima. Akasema mashine mtoto alinunua ifue, si ijivunje. Akasema ikiendelea kupiga hivi itakufa, naye hatabaki na hata kimoja.

Alichukua sweta, akaliweka usoni. Hatukumtazama. Lilikaa pale muda ambao sikuupima. Kisha alipiga moyo konde na akafanya kama alivyofundisha wasichana wale wote: akalinyanyua blanketi, akalifungua mikunjo, akalitandaza, akaweka taulo moja upande huu na moja upande ule, jinzi huku, sweta kule. Alipiga pipa kwa kiganja, likazunguka nusu na kusimama bila kurudi. Akaridhika. Akafunga mlango na kuanzisha upya, sabuni kidogo sana; fundi akaweka tena glasi ya maji juu ya mashine.

Tulikaa saa nzima. Rangi ya njano ilipita kwenye kioo, ikapotea, ikapita tena. Ilipofika kukamua nilijikuta nimeshika ukingo wa meza, namwomba Mungu ipige. Ipige hata kidogo, ili tuseme haikusaidia, tuzitoe zikiwa bado na kitu.

Haikupiga. Iliongeza kasi, ikaongeza tena, na ikakaa pale pale juu ya miguu yake minne. Maji kwenye glasi yalitetemeka tu.

Fundi alisema taratibu, "Imetulia, mama." Dobi akaitikia kwa kichwa. Ilipomaliza alifungua mlango, akatoa sweta, akalinusa. Akalinusa tena, upande wa kwapa, upande wa shingo.

"Safi," alisema, akanipa nikaanike.

Tangu siku hiyo sijasikia kitu chochote kutoka juu. Jumamosi saa nne nakaa kwenye cherehani, pini zimelala kwenye kisahani chake, na ninasikiliza dari.